Barua ya kukataa maombi: ugonjwa huonekana kwenye barua, chanzo kiko kwenye jalada

Kwa: Maofisa wa leseni na katibu wa kamati ya maombi
Kutoka: Mwanasheria wa Mamlaka
Yah: Sababu za maandishi tunapokataa maombi

Kila ninapoletewa rasimu ya barua ya kukataa, naombwa "niiwekee lugha ya kisheria." Naomba tuelewane mapema kwamba lugha si shida yetu. Barua zinazotenguliwa katika mapitio ya mahakama mara nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili safi, zina vifungu vya sheria na zimepigwa muhuri. Shida ni kwamba uamuzi wenyewe haukupita njia ambayo barua inadai ulipita, na mwanasheria hawezi kuziba pengo la jalada kwa kalamu.

Jaji wa mapitio haulizi kama yeye angetoa leseni. Anauliza mlitumia kigezo gani, mliona ukweli gani, mlimjibu nini mwombaji, na kama mlimpa nafasi ya kusema. Anaanza na barua, kisha anafungua jalada kuona kama vinakubaliana. Waraka huu unafuata njia hiyohiyo: dalili unayoiona kwenye rasimu kwanza, halafu mahali pa kutafuta chanzo chake. Sheria za nchi na za sekta hutofautiana juu ya lini sababu zinadaiwa na kwa muda gani, kwa hiyo soma kwanza sheria inayotuongoza. Dalili zenyewe zinafanana karibu kila mahali.

Nitatumia mfano mmoja nilioutunga, ila kila kipande chake nimewahi kukiona. Kampuni inaomba leseni ya kutuma fedha. Sheria inataka fedha za wateja zitengwe zisifikiwe na wadai wa kampuni, na inataka kila mkurugenzi awe mtu anayefaa. Rasimu ya barua inasema hivi:

"Baada ya kuyapitia maombi yako, Mamlaka haikuridhika kwamba umeweka utaratibu wa kutosha wa kutenga fedha za wateja kama sheria inavyotaka. Vilevile, kutokana na taarifa zilizopo, Mamlaka haikuridhika kwamba wakurugenzi wote ni watu wanaofaa. Kwa sababu hizo, pamoja na nyingine, maombi yako yamekataliwa."

Ni sentensi tatu, na kila moja ina ugonjwa wake.

Dalili: barua inarudia maneno ya sheria

Jaribio lake ni rahisi. Futa jina la mwombaji, weka jina la mwombaji mwingine tuliyemkataa mwaka jana. Kama barua bado inasomeka sawasawa, basi haina sababu ndani yake, ina hitimisho tu. "Haikuridhika kwamba utaratibu ni wa kutosha" ni kifungu cha sheria kilichogeuzwa kuwa kanusho. Mwombaji anaisoma na bado hajui arekebishe nini wala akate rufaa juu ya nini.

Chanzo ni kimojawapo kati ya viwili. Ama ofisa anaujua ukweli vizuri mno mpaka anadhani kila mtu anauona, ama ukweli haupo. Usikisie ni kipi. Fungua jalada utafute karatasi ambayo hitimisho limesimama juu yake. Usipoiona ndani ya nusu saa, acha kuandika barua, rudi kwenye uchambuzi.

Katika mfano wetu karatasi ipo, tena ina nguvu. Ni mkataba kati ya kampuni na benki juu ya akaunti ya fedha za wateja. Kifungu cha 9 kinaipa benki haki ya kuchukua fedha kutoka akaunti yoyote ya kampuni, pamoja na hiyo ya wateja, ili kufidia deni ambalo kampuni inadaiwa na benki. Maana yake, siku kampuni ikishindwa kulipa mkopo wake, benki inaweza kujilipa kwa fedha ambazo mama fulani aliziweka asubuhi ili zimfikie mwanawe. Akaunti ina jina la wateja, lakini mlango wake uko wazi kwa mdai mkubwa kuliko wote. Hilo ndilo jambo lililomsumbua mchambuzi wetu, na ndilo ambalo halikuandikwa kwenye barua.

Sababu kamili ina kigezo cha sheria, ukweli pamoja na karatasi ulikoutoa, kisha kiungo kinachoeleza kwa nini ukweli huo hautoshelezi kigezo hicho. Maofisa wetu huandika viwili vya kwanza na kusahau kiungo. Mtu anaandika "kifungu cha 9 kinaruhusu benki kufidia deni" halafu anahitimisha "hivyo utaratibu hautoshi," na kumwachia msomaji aruke mto peke yake. Rasimu iliyosahihishwa:

"Sheria inataka fedha za wateja zisiweze kufikiwa na wadai wa kampuni. Kifungu cha 9 cha mkataba uliouwasilisha kinairuhusu benki kuchukua fedha zilizo katika akaunti ya wateja ili kufidia deni la kampuni. Benki inapoikopesha kampuni, nayo inakuwa mdai wa kampuni. Kwa hiyo, maadamu kifungu hicho kipo, yuko mdai anayeweza kuzifikia fedha hizo."

Hakuna neno gumu hapo, na aya hii huwezi kumtumia mwombaji mwingine yeyote.

Dalili: hoja kuu ya mwombaji haionekani popote

Ukurasa mmoja mbele kwenye jalada hilohilo kuna jibu la mwombaji. Mchambuzi alimwandikia kuhusu kifungu cha 9, naye akajibu kwamba kifungu hicho kimo katika mikataba yote ya benki hiyo. Akaambatisha barua ya meneja inayosema benki "kwa sasa haikusudii" kukitumia. Rasimu yetu haitaji hata neno moja la hayo. Katika rasimu zetu nyingine, badala ya jibu huwekwa sentensi tunayoipenda sana: "Hoja zote za mwombaji zilizingatiwa."

Sentensi hiyo haiponyi chochote. Ukiuliza wanasheria wa upande wa pili, watakwambia wanaifurahia, kwa sababu inawaonyesha mahali pa kuchimba.

Hatulazimiki kujibu kila kitu. Baraza la Malordi la Uingereza lilisema mwaka 2004, katika kesi ya South Bucks dhidi ya Porter, kwamba sababu zinaweza kuwa fupi, mradi zieleweke na zionyeshe masuala makuu yenye ubishi yaliamuliwaje. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwenda upande huohuo mwaka 2019 katika kesi ya Vavilov: mwamuzi asiposhughulika kwa dhati na hoja za msingi, mahakama inapata shaka kama alizisikia kabisa. Kesi za nchi nyingine hazitufungi, lakini mawakili huzinukuu, na majaji huzisoma.

Hoja kuu utaijuaje? Jiulize: kama mwombaji yuko sahihi juu ya jambo hili, je, matokeo yangebadilika? Malalamiko yake kwamba fomu yetu ni ndefu hayabadilishi kitu, yaache. Barua ya benki ingeweza kubadilisha kila kitu, kwa hiyo ijibu, na ijibu kwa kuitaja:

"Umeeleza kwamba benki haikusudii kukitumia kifungu cha 9, na umeambatisha barua ya meneja wa benki. Mamlaka imeisoma. Barua hiyo inaeleza nia ya benki kwa sasa. Haiiondoi haki iliyo katika mkataba, na nia inaweza kubadilika bila Mamlaka kujua. Kwamba kifungu hicho kimo pia katika mikataba ya wateja wengine wa benki hakupunguzi athari yake kwa fedha hizi."

Hapa pana swali ambalo jaji hatalikosa: kama dawa ni kufuta kifungu kimoja, kwa nini mlikataa badala ya kumwambia akifute? Jibu lazima litoke kwenye jalada. Kwetu lipo, kwa sababu barua ya mchambuzi ilimwomba mwombaji alete ama mkataba uliorekebishwa ama hati ya benki ya kuiacha haki hiyo, naye akarudi na barua ya nia tu. Liandikwe hivyohivyo, pamoja na tarehe za barua zote mbili. Kama hatukuwahi kumwomba, ushauri wangu ni tusikatae bado. Tumwombe kwanza.

Dalili: "kutokana na taarifa zilizopo"

Ukiona maneno haya, au binamu zake "kwa mujibu wa taarifa za kuaminika" na "kama ilivyobainika," uliza: taarifa gani, na mwombaji amewahi kuiona? Mara nyingi hajaiona. Barua inakuwa mahali anapokutana na tuhuma kwa mara ya kwanza, na barua ya uamuzi si mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kwenye jalada kuna barua ya siri kutoka kwa mdhibiti wa nchi nyingine. Inasema mkurugenzi mmoja alikuwa kwenye bodi ya kampuni iliyonyang'anywa leseni. Katika fomu yetu mkurugenzi huyo aliulizwa kama amewahi kuwa katika uongozi wa kampuni iliyonyang'anywa leseni, naye akaweka alama kwenye "hapana." Ofisa aliona karatasi hizo mbili zikigongana akahitimisha kwamba mkurugenzi si mkweli, na mtu asiye mkweli hafai. Inaonekana imenyooka. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Usiri wa barua si kisingizio cha kunyamaza. Kwa kawaida inatosha kumpa mwombaji kiini cha tuhuma bila kumpa karatasi wala jina la aliyeitoa: kampuni gani, tukio gani, mwaka gani, na kwa nini tunaona linagongana na jibu lake. Wasiliana na mdhibiti mwenzetu kabla, kwa sababu makubaliano ya kubadilishana taarifa huwa na masharti. Kama kiini chenyewe hakiwezi kutolewa, basi katika hali nyingi sababu hiyo haiwezi kutumika, labda sheria yetu iwe imeruhusu waziwazi. Kilicho hatari ni njia ya katikati, yaani kuitumia tuhuma huku tumeificha nyuma ya "taarifa zilizopo."

Tuseme tulimwandikia na kumpa siku 14. Akaleta hati ya kujiuzulu kutoka msajili wa kampuni, inayoonyesha aliondoka kwenye bodi miezi minane kabla ya leseni kuondolewa. Mdhibiti mwenzetu akathibitisha tarehe hiyo. "Hapana" yake ilikuwa kweli kwa jinsi swali letu lilivyoandikwa, na tuhuma imekwisha. Je, matatizo ya kampuni ile yalianza akiwa bado ndani? Huenda, lakini hilo ni swali jingine. Linahitaji uchunguzi wake na nafasi yake ya kusikilizwa. Haliwezi kupenyezwa kwenye barua kwa sababu tu la kwanza limeanguka.

Dalili: "pamoja na nyingine"

Ofisa huongeza maneno haya kama mtu anayefunga mlango kwa kitasa kisha akaweka na kiti nyuma yake. Anafikiri sababu nyingi ni ngome. Kwa uzoefu wangu, kila sababu dhaifu unayoongeza ni mlango mpya.

Mahakama ikikuta sababu moja mbovu kati ya tatu, inajiuliza kama uamuzi ungekuwa uleule bila hiyo. Majaji hawapendi kukisia kilichokuwa vichwani mwa wajumbe. Ikiwa barua inazitaja sababu kwa mkupuo, "kwa sababu hizo," mbovu inazichafua nzuri na uamuzi wote unarudi. Kwa mfano wetu, hoja ya kifungu cha 9, iliyokuwa imara kabisa, ingezama pamoja na tuhuma ya mkurugenzi.

Kwa hiyo futa "pamoja na nyingine" kila unapoikuta, na ondoa sababu isiyojitosheleza. Zikibaki mbili au zaidi, kamati iamue, kikaoni, kama kila moja peke yake ingetosha kukataa. Ikiamua hivyo, barua iseme: "Kila moja ya sababu hizi ingetosha peke yake." Ikiwa haikuamua, sentensi hiyo isiandikwe, hata kama mimi mwanasheria ningeitamani sana.

Maneno "kwa mujibu wa sera yetu" ni ya ukoo huohuo, na sitakaa nayo sana. Sera si sheria. Tunaruhusiwa kuwa nayo, ila lazima tuoneshe tuliuliza kama mwombaji huyu ana jambo linalostahili kumtoa kwenye sera, na tulijibu nini. Sentensi moja ya kweli inatosha.

Dalili: barua na muhtasari wa kikao haviimbi wimbo mmoja

Hii nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi, na haionekani ukisoma barua peke yake. Weka vitu vitatu mezani: dokezo la mchambuzi, muhtasari wa kikao na barua. Soma sababu katika kila kimoja. Dokezo linasema kifungu cha 9. Muhtasari unasema "Kamati ilijadili kwa kina na kukataa maombi." Barua inaongeza wakurugenzi. Sasa uamuzi ulifanywa kwa sababu ipi? Sisi wenyewe hatujui, na wakili wa mwombaji atauliza hivyo hasa.

Chanzo ni mpangilio wetu wa kazi. Kamati inaamua Jumanne, barua inaandikwa wiki mbili baadaye na ofisa ambaye hakuwa kikaoni, naye anatunga sababu anazoziona nzuri. Hana nia mbaya. Lakini alichoandika ni utetezi wa uamuzi, na sheria inataka sababu zilizouzaa.

Usitegemee kwamba tutarekebisha mahakamani kwa hati ya kiapo. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Ermakov, aliyekuwa ameomba makazi kwa halmashauri ya Westminster. Barua ya kumkataa ilisema halmashauri haikuridhika kwamba yeye na familia yake walisumbuliwa kule walikotoka. Kesi ilipofika mahakamani, ofisa aliapa kwamba kwa kweli aliamini walisumbuliwa, ila aliona bado wangeweza kuendelea kuishi kule. Mahakama ilikataa kuipokea sababu hiyo mpya. Kiapo kinaweza kufafanua barua au kusahihisha kosa la kuandika. Hakiwezi kuipindua na kuleta sababu nyingine. Marekani walikuwa wamefika huko mapema zaidi, mwaka 1943, katika kesi ya Chenery: amri ya chombo cha utawala hupimwa kwa misingi ambayo chombo chenyewe kilisimamia kilipoamua.

Nimewahi kukaa na ofisa, katika kazi yangu ya zamani, tukiandaa kiapo cha aina hiyo. Kila sentensi aliyoniambia ilikuwa na akili kuliko barua aliyoitia saini. Tulishindwa, na ilikuwa haki tushindwe.

Dawa ni kubadilisha zamu. Rasimu ya sababu iandikwe kabla ya kikao, iwe kiambatisho cha dokezo. Mchambuzi akipendekeza kukataa, aandike aya ambazo mwombaji atazisoma, si muhtasari wake. Kamati izisome, ifute, iongeze. Wajumbe wakikubali maombi yakataliwe lakini kwa sababu tofauti, rasimu ibadilishwe palepale, kabla ya kuhamia ajenda inayofuata. Kisha muhtasari useme: "Kamati imekataa maombi kwa sababu zilizo katika Kiambatisho A kama zilivyorekebishwa kikaoni." Barua inayotoka ni Kiambatisho A pamoja na anwani, na maelezo ya haki ya rufaa na muda wake.

Je, kama kikao kimeshapita na muhtasari ni ule wa mstari mmoja? Usiuandike upya. Usimpigie mjumbe simu kumuuliza "tulisema nini vile" kisha ukayaweka maneno yake kana kwamba yalisemwa siku ile. Maadamu barua haijatoka, na sheria yetu haijautia uamuzi kufuli kwa namna nyingine, jalada lirudi kwenye kamati, ijadili upya kwa uwazi, na muhtasari mpya ubebe tarehe yake ya kweli. Tutachelewa wiki moja, na nitamwandikia mwombaji mwenyewe kumweleza.

Barua ikishatoka

Mwombaji akiandika kuuliza "mlimaanisha nini," msijibu kwa haraka ya kuonyesha ukarimu. Jibu la ufafanuzi linaloongeza jambo ambalo barua haikuwa nalo litawekwa pembeni mwa barua mahakamani, na tofauti zake zitasomwa kwa sauti. Likihitajika jibu, mlileteni kwangu kabla ya kusainiwa, pamoja na Kiambatisho A.

Na ukigundua, hata miezi mitatu baadaye, kwamba karatasi tuliyoitegemea haikuwa sahihi, kwa mfano mkataba tuliousoma ulikuwa toleo la zamani na jipya halina kifungu cha 9, niletee jalada siku hiyohiyo. Kuuondoa uamuzi wenyewe na kuyapitia maombi upya, pale sheria inaporuhusu, ni kazi ya wiki chache. Kuutetea kwa miaka miwili huku tukijua ni kitu ambacho sitasaini.

Maombi manne yaliyo kwenye ajenda ya kikao kijacho yana mapendekezo ya kukataa. Naomba Kiambatisho A cha kila moja kinifikie siku tano za kazi kabla ya kikao, kikiwa na namba za kurasa za jalada pembeni mwa kila aya.